Je, wajua pakiti ya Kibaha hupita wapi kufika Kisarawe?

Kwenye ramani ya Mkoa wa Pwani, wilaya za Kibaha na Kisarawe zimepakana, na ipo barabara inayotoka Mlandizi kupitia Mzenga hadi Maneromango bila kugusa jiji. Lakini tuseme mwalimu wa Kibaha Sekondari anamtumia mwenzake wa Minaki picha ya karatasi ya mtihani. Kwa kawaida picha hiyo haipiti Mzenga. Huteremka kwanza Dar es Salaam, ndiko iliko mitambo mikuu ya kampuni za simu na intaneti, kisha hutoka jijini upande wa Pugu kwenda Kisarawe. Ni kama abiria anayepanda gari la Barabara ya Morogoro na kubadilisha jijini, ingawa anakokwenda ni kwa jirani.

Umbo hili la nyaya ndilo wanafunzi wa kompyuta wanaloliita topolojia. Wengi wamekariri majina yake: nyota, basi, pete na matundu. Yanaeleweka zaidi yakihesabiwa juu ya ardhi tunayoijua. Chukua sehemu saba: Dar es Salaam, Kibaha, Kisarawe, Bagamoyo, Mkuranga, Kibiti na Utete. Ukiweka Dar katikati na kuvuta laini moja kwenda kila mji, umepata nyota, na laini sita zinatosha. Laini ya Kibaha ikikatwa, ni Kibaha peke yake inayozimika. Kituo cha Dar kikizimika, wote wamezimika. Basi ni waya mmoja unaopita kwa wote, na ukikatika katikati unagawa mtandao vipande viwili. Pete inataka laini saba, moja tu zaidi ya nyota, na laini hiyo moja ina thamani kubwa: ikikatika sehemu yoyote, data hugeuka na kuzungukia upande wa pili. Matundu kamili, ambapo kila mji umeunganishwa na kila mwingine, yanataka laini 21, yaani saba mara sita, gawa kwa mbili. Hakuna atakayechimba mitaro 21 kwa miji saba.

Ndiyo maana Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na unaosimamiwa na TTCL, ulipangwa kwa mizunguko, yaani pete kubwa zinazopita mikoani, huku miji midogo ikining'inizwa pembeni mwake kwa nyota.

Turudi kwenye picha ya mwalimu. Ina baiti milioni tatu, na haisafiri nzima. Kwenye mitandao mingi pakiti moja haizidi baiti 1,500. Kati ya hizo, 40 hivi ni za anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, namba ya mfuatano na mambo mengine ya njiani. Zinabaki 1,460 za picha yenyewe, kwa hiyo picha inakatwa pakiti 2,055. Kila ruta inayopokea pakiti husoma anwani ya inakokwenda, huangalia jedwali lake la njia, kisha huisukuma kwa ruta inayofuata. Haijui safari yote, inajua hatua moja tu ya mbele. Pakiti pia hubeba namba iitwayo TTL, ambayo mara nyingi huanzia 64 au 128, na kila ruta huipunguza kwa moja. Ikifika sifuri pakiti hutupwa, vinginevyo kosa dogo kwenye jedwali lingeweza kuzizungusha pakiti kati ya ruta mbili bila mwisho.

Kama mwalimu wa Kibaha na wa Minaki wanatumia kampuni tofauti, lazima kampuni hizo zikutane mahali. Tanzania ina kituo cha kubadilishana data kiitwacho TIX, kilichopo Dar es Salaam tangu 2004. Kabla ya hapo, data kati ya kampuni mbili za nchini iliweza kupanda setilaiti, kwenda nchi ya mbali na kurudi kwa setilaiti. Setilaiti hizo ziko kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, hivyo kupanda na kushuka mara moja tu huchukua karibu robo sekunde. Kupitia faiba ya Dar, safari ya kilomita sabini hivi huchukua chini ya nusu milisekunde ndani ya kioo, kwa kuwa mwanga humo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Muda mwingi unaobaki hupotea kwenye mnara wa simu na kwenye foleni za ruta.

Kukutana Dar hakutoshi ikiwa sanduku la barua pepe la mwalimu liko kwenye seva ya Ulaya. Hapo pakiti zinaingia baharini, na baharini ndiko umbo la mtandao lilikotuonyesha ukweli wake mwaka 2024. Waya wa baharini uitwao Seacom ulianza kazi 2009, na mwingine, EASSy, ukafuata 2010. Zote zinagusa Dar es Salaam, na kwenye mchoro ni njia mbili. Zaidi ya hapo, kila moja ina upande wa kaskazini na wa kusini, kwa hiyo pakiti ikizibiwa huku inaweza kugeukia kule. Februari 2024 Seacom ilikatika upande wa kaskazini, ndani ya Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei, Seacom na EASSy zote zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, ambako zinafika ufukweni katika mji mmoja, Mtunzini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwenye mchoro njia zilikuwa mbili, lakini upande wa kusini zilikuwa zinalala kwenye bahari ileile, na kilichoipata moja kiliipata na nyingine. Hata nchi kavu ni hivyo: pete ambayo pande zake mbili zimezikwa kwenye mtaro mmoja itakatwa yote kwa kijiko kimoja cha mtambo wa kuchimba.

Siku ile ya Mei wengi waliona ujumbe mfupi unapita huku picha zikikwama, na sababu iko kwenye hesabu ya pakiti. Njia chache zilizobaki zilifurika. Foleni ya ruta ikijaa, pakiti inayofuata hutupwa. Tuseme inatupwa moja kati ya kila ishirini. Ujumbe mfupi ni pakiti moja, una nafasi kubwa ya kupita mara ya kwanza. Picha yetu ya pakiti 2,055 itapoteza mia moja na ushee, na hizo lazima zitumwe upya. Kibaya zaidi, kompyuta inayotuma huchukulia kila upotevu kama dalili ya msongamano, hivyo hupunguza mwendo.

Njia unaweza kuitazama mwenyewe kwenye kompyuta ya Windows:

```
tracert example.com
```

Amri hii hutuma pakiti zenye TTL ya 1, kisha 2, kisha 3, na kila ruta inayotupa pakiti hujibu, ikijitaja. Tazama muda. Ukiruka kutoka milisekunde chache hadi 150 na kubaki juu mpaka mwisho, hapo ndipo pakiti ilipovuka bahari. Mstari wa alama za nyota peke yake si ushahidi wa kukatika, kwani ruta nyingi zimezuiwa kujibu. Vilevile, ruta ya katikati ikionyesha muda mrefu huku zinazofuata zikiwa na muda mfupi, hapo hakuna tatizo: imechelewa kukujibu wewe, lakini pakiti za wengine inazipitisha kama kawaida. Nyota zinazoanzia mstari fulani na kuendelea hadi mwisho, huku ukurasa wenyewe haufunguki, ndizo za kumpelekea fundi, na umpe pia jina la ruta ya mwisho iliyojibu.