Sifuri Tatu: Njia Ipi ya Kuandaa VAT ya Robo Mwaka Inamfaa Mwenye Duka?

Nyumbani Tanzania na Kenya mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT hupeleka ritani kila mwezi. Uingereza wengi hupeleka kila baada ya miezi mitatu, na mwisho wa kuwasilisha ni mwezi mmoja na siku saba baada ya robo kwisha. Robo ya Aprili hadi Juni, kwa mfano, ritani yake iwe imefika kwa HMRC kabla ya tarehe 7 Agosti kupita. Kwa duka la vyakula lenye mauzo ya mwaka juu ya pauni 90,000, usajili si hiari, na ankara za miezi mitatu si haba. Ndiyo maana wenye maduka wengi siku hizi hununua programu inayosoma picha ya ankara na kutoa tarehe, jina la muuzaji, kiasi na kodi. Swali wanaloniuliza kila mara ni ipi ya bei nafuu. Mimi huanza na jingine: hiyo programu inafanya nini ikikuta sifuri?

Kwenye ankara, VAT ikiwa sifuri kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea. Huenda bidhaa inatozwa kwa kiwango cha sifuri, kama unga wa sembe, mchele, majani ya chai au nguo za watoto. Huenda ni huduma iliyosamehewa, kama bima, riba ya benki, au kamisheni ambayo duka hulipwa kwa kuwa wakala wa kutuma pesa. Au huenda jambo lenyewe liko nje ya VAT kabisa, kama mishahara. Kwa macho zote ni 0.00. Kwa hesabu ziko mbali mno. Mauzo ya kiwango cha sifuri huhesabiwa kuwa mauzo yanayotozwa kodi, ila kiwango chake ndicho sifuri, kwa hiyo unarudishiwa VAT uliyolipa kwenye gharama zake. Mauzo yaliyosamehewa hayakupi haki hiyo. Aina zote mbili huingia kisanduku cha 6 cha ritani, chenye jumla ya mauzo bila VAT, lakini kilicho nje ya VAT hakiingii humo.

Tuchukue duka la vyakula vya Afrika Mashariki katika mji mmoja wa Uingereza, lenye meza ya kutuma pesa pembeni. Takwimu ni za kubuni, ila sura yake wengi wataitambua. Katika robo moja liliuza bidhaa za asilimia 20 zenye thamani ya pauni 18,000 kabla ya kodi: soda, krispi za viazi, korosho za kukaanga zenye chumvi. Liliuza bidhaa za kiwango cha sifuri za pauni 24,000. Kamisheni ya kutuma pesa, iliyosamehewa, ilikuwa pauni 6,000. Kisanduku cha 6 kinasoma 48,000, na kodi ya mauzo katika kisanduku cha 1 ni 3,600.

Upande wa manunuzi, VAT ya bidhaa za asilimia 20 ilikuwa pauni 2,200. Kioo cha usalama na kabati la chuma la meza ya kutuma pesa vilibeba VAT ya pauni 280. Zikabaki gharama za pamoja, zinazohudumia duka zima: umeme, simu, na matengenezo makubwa ya sakafu na taa. Hizo VAT yake ilikuwa pauni 3,600. Jumla ya kodi ya manunuzi ni 6,080.

Sasa mgawanyo. Ile 2,200 inarudi yote, maana inahusu mauzo yanayotozwa kodi. Ile 280 inaangukia kwenye kamisheni iliyosamehewa. Ile 3,600 inagawanywa kwa uwiano wa mauzo: yanayotozwa kodi, pamoja na yale ya kiwango cha sifuri, ni 42,000 kati ya 48,000, yaani asilimia 87.5. Kanuni ya kawaida hupandisha hadi namba kamili inayofuata, nayo ni 88. Kwenye jedwali la Eksel huandikwa hivi:

```
=ROUNDUP((18000+24000)/48000*100,0)
```

Asilimia 12 inayobaki ni pauni 432. Ukiongeza 280, kodi inayohusu mauzo yaliyosamehewa ni 712. Hapo kuna kiwango cha chini kinachovumiliwa: kodi hiyo isipozidi wastani wa pauni 625 kwa mwezi, yaani 1,875 kwa robo, wala nusu ya kodi yote ya manunuzi, unaruhusiwa kuidai yote. Duka hili limepita kwa nafasi kubwa. Linadai 6,080 kamili, na HMRC inalirudishia pauni 2,480.

Rudia hesabu ileile, ila safari hii programu imeweka kila chenye VAT sifuri katika fungu la yaliyosamehewa. Mauzo yanayotozwa kodi yamebaki 18,000 kati ya 48,000, asilimia 37.5, inayopanda kuwa 38. Asilimia 62 ya 3,600 ni 2,232. Ongeza 280, unapata 2,512, na sasa umevuka 1,875. Ukivuka, hudai hata senti ya hiyo 2,512. Badala ya kurudishiwa 2,480, duka linalipa pauni 32. Kisanduku cha 1 hakikubadilika, kisanduku cha 6 hakikubadilika, jumla zote zinalingana na ankara, na hakuna taa nyekundu itakayowaka popote.

Kwa hiyo tunapolinganisha njia na bei zake, kipimo ni hicho. Chukua ankara za manunuzi 240 kwa robo, na saa ya mwenye duka tuithamini pauni 15. Bei za programu ninazoweka hapa ni za mfano. Weka zako ulizopewa.

Njia ya kwanza ni jedwali la Eksel unalojaza mwenyewe, kisha programu ndogo ya kuunganisha jedwali na mfumo wa HMRC. Programu hizo zipo hadi za bure. Gharama yake halisi ni muda: dakika nne kwa ankara ni saa 16, sawa na pauni 240. Faida yake ni kwamba sifuri unaiandika wewe unayejua ulichonunua, kwa herufi uliyoichagua: S ya sifuri, M ya msamaha, N ya nje. Angalizo ni moja: namba zitoke kwenye jedwali hadi kwenye ritani kwa kiungo cha kidijitali. Kunakili na kubandika katikati hakukubaliki.

Njia ya pili ni programu inayosoma kichwa cha ankara tu, yaani jumla na VAT. Tuseme pauni 15 kwa mwezi, 45 kwa robo. Hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ankara za maghala ya jumla huchanganya viwango. Tutazame mfano wa ankara ya pauni 671: bidhaa za kiwango cha sifuri 485, bidhaa za asilimia 20 za pauni 155, na VAT 31. Programu inaona 640 na kodi 31. Ikigawanya inapata asilimia 4.84, na kwa kuwa Uingereza kuna kiwango cha asilimia 5 kwa vitu kama umeme wa nyumbani, baadhi huamua kwamba ankara nzima ni ya asilimia 5 na kuandika kodi 32. Pauni moja si kitu, lakini sasa unga wako umeandikwa kuwa umenunuliwa kwa VAT. Dalili ni rahisi kuitafuta: duka la vyakula likionyesha manunuzi mengi ya asilimia 5, jua zimesomwa vibaya. Kama ankara 80 kati ya 240 ni za mchanganyiko na kila moja inataka dakika nne za kugawanya kwa mkono, na zile 160 dakika moja moja ya kukagua, ni saa nane, pauni 120. Jumla ni 165.

Njia ya tatu husoma mstari kwa mstari. Tuseme pauni 30 kwa mwezi, 90 kwa robo, na dakika moja na nusu ya ukaguzi kwa kila ankara, ambayo ni saa sita, pauni 90. Jumla 180. Nzuri kati ya hizi husoma pia safu ya alama za kodi, ambayo maghala huweka kando ya kila bidhaa na kuifafanua chini ya ankara. Kabla ya kulipia, ipe ankara yako yenye krispi za viazi na krispi za muhogo pamoja. Za viazi hutozwa asilimia 20, za muhogo kiwango cha sifuri, kwa kuwa sheria imetaja viazi. Vivyo hivyo korosho mbichi na korosho zilizokaangwa kwa chumvi. Programu inayokisia kwa jina la bidhaa itakwama hapo. Inayosoma alama ya muuzaji itapita.

Njia ya nne ni mtunza hesabu. Akikuambia pauni 300 kwa robo, muulize kama bei hiyo inajumuisha hesabu ya mgawanyo wa kodi ya manunuzi, na ile ya marekebisho ya mwaka, ambayo hurudia mgawanyo kwa takwimu za mwaka mzima. Wapo wanaotoza kwa kuingiza ankara tu, na kamisheni yako wakaiacha ndani ya fungu la sifuri kwa sababu jumla haibadiliki.

Tofauti kati ya njia hizi ni makumi ya pauni. Kosa moja la fungu, katika robo yenye matengenezo, ni 2,512. Mimi kwa duka la namna hii ningelipia usomaji wa mstari kwa mstari, lakini upande wa mauzo ningeuacha mkononi mwangu, kwa sababu ni mistari michache na ndiyo inayoamua uwiano. Mauzo ya bidhaa yatoke kwenye mashine ya duka yakiwa tayari yametengwa kwa viwango. Kamisheni itoke kwenye taarifa ya kila mwezi ya kampuni ya kutuma pesa, si kwenye akaunti ya benki. Mteja akileta pauni 200 za kutumwa Mombasa, hizo si mauzo yako. Mauzo yako ni kamisheni peke yake. Programu iliyounganishwa na benki ikiziona zinaingia huzipokea kama mapato, na kisanduku cha 6 hufura ghafla. Kikipanda kuliko robo iliyopita huku mashine ya duka ikionyesha biashara ileile, anza kutafuta hapo.

Na ukigundua kwamba robo iliyopita unga ulikaa katika fungu la yaliyosamehewa, hujachelewa. Makosa ambayo jumla yake halisi haizidi pauni 10,000 hurekebishwa ndani ya ritani inayofuata, na unaweza kurudi nyuma hadi miaka minne. Chapisha orodha ya kila mstari wenye VAT 0.00, panga kwa jina la muuzaji au mteja, na uandike herufi pembeni ya kila jina. Kwa duka moja majina hayo ni machache, na mengi hujirudia kila robo.