Gama, beta na kipeuo cha tanjenti

Chora tanjenti ya pembe kuanzia nyuzi 0 hadi 90, kisha mahali pa kila thamani weka kipeuo chake cha pili. Mstari unaanzia sifuri, unapanda, na ukikaribia nyuzi 90 unakwenda juu bila kikomo. Je, eneo lililo chini yake ni kiasi gani? Kwa lugha ya integrali, pembe zikipimwa kwa radiani, swali ni hili:

∫₀^(π/2) √(tan x) dx

Aliyesoma hisabati ya kidato cha sita ataweka u² = tan x na kuanza kazi. Atalazimika kuvunja 1 + u⁴ katika vipande viwili, kisha zitamjia logi na pembe za tanjenti, ukurasa mzima. Jibu litapatikana, ila alama moja ya kutoa ikikosewa njiani, kazi yote imeharibika. Ipo njia nyingine isiyohitaji kabisa kutafuta integrali isiyo na mipaka.

Chanzo chake ni swali lililoonekana halihusiani na maeneo. Faktoriali ya 4 ni 1 × 2 × 3 × 4, yaani 24. Faktoriali ya nusu je? Mwaka 1729 Leonhard Euler, kijana wa miaka 22 aliyekuwa Sankt Petersburg, alimwandikia Christian Goldbach barua yenye jawabu la namna ya kujaza nafasi zilizo kati ya namba kamili. Leo jawabu hilo huandikwa kwa integrali ya gama:

Γ(s) = ∫₀^∞ t^(s−1) e^(−t) dt

Ukiweka s = 5 unapata 24. Lakini s inaweza pia kuwa robo, na integrali bado ina thamani: Γ(1/4) ni takriban 3.6256. Ndugu yake ni beta, ambayo hukokotolewa kwa gama tatu tu:

B(p, q) = ∫₀^1 t^(p−1) (1−t)^(q−1) dt = Γ(p)Γ(q) / Γ(p+q)

Sasa weka t = sin² x ndani ya beta. Mipaka 0 na 1 inageuka kuwa 0 na π/2, na tunapata:

∫₀^(π/2) sin^(2p−1) x cos^(2q−1) x dx = ½ B(p, q)

Hapa ndipo kipeuo chetu kinapoingia. Tanjenti ni sini kugawa kwa kosini, kwa hiyo kipeuo chake ni sini yenye kipeo ½ mara kosini yenye kipeo −½. Kutoka 2p − 1 = ½ tunapata p = ¾; kutoka 2q − 1 = −½ tunapata q = ¼. Jumla yake ni 1, na Γ(1) ni 1. Kilichobaki ni ½ Γ(¾) Γ(¼). Euler alituachia pia kanuni ya gama mbili ambazo namba zake zikijumlishwa hutoa 1:

Γ(s) Γ(1−s) = π / sin(πs)

Kwa s = ¼, sini ya nyuzi 45 ni 1/√2, hivyo eneo ni π/√2, takriban 2.2214. Mstari unapanda bila kikomo, lakini eneo lina kikomo.

Hesabu hiyohiyo, kipeo kikiwa n yoyote, inatoa π / (2 cos(nπ/2)). Kanuni hii fupi inaweza kukudanganya. Jaribu n = 2: inajibu −π/2. Tanjenti ya mraba haiwi hasi popote, basi eneo lake litakuwaje hasi? Ukweli ni kwamba hapo q imekuwa −½, wakati integrali ya beta inadai p na q zote ziwe kubwa kuliko sifuri. Eneo halisi halina mwisho. Kanuni imetumika nje ya mipaka yake. Kwa hiyo n lazima iwe kati ya −1 na 1, na sharti hilo hukaguliwa kwanza, kabla ya kuandika gama hata moja. Mipaka ya integrali nayo ina uzito wake: ukiishia nyuzi 60 badala ya 90, t haifiki 1, beta haikamiliki, na njia hii haikusaidii.

Jaribu sasa √(sin x) peke yake katika mipaka ileile. Hapa mwanafunzi wetu angekwama kabisa, kwa sababu integrali yake isiyo na mipaka haiandikiki kwa vipeo, logi na pembe za kawaida. Beta inajibu mara moja: p = ¾, q = ½, na eneo ni

½ Γ(¾) Γ(½) / Γ(5/4) ≈ 1.1981

Γ(½) ni √π, na Γ(5/4) ni robo ya Γ(¼). Kanuni ya Euler inaiondoa Γ(¾), lakini Γ(¼) inabaki ndani ya jibu. Wala si kwa uvivu wetu: mwaka 1976 Gregory Chudnovsky alithibitisha kwamba hakuna mlinganyo wa aljebra wenye namba kamili unaoiunganisha Γ(¼) na π.