Fahamu: Ujumbe wa tarakimu tupu ni wa nini?

Umepokea tarakimu tupu, bila hata salamu. Anza kwa kuzihesabu. Namba ya simu ya mkononi Tanzania ina tarakimu 10 na huanza na 06 au 07. Ikiandikwa kwa 255, sifuri huondoka na zinakuwa 12. Hapo ndipo watu huchanganya, kwani namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali nayo ina 12, ila kwa kawaida huanza na 99. Zikiwa 20, huenda ni umeme wa LUKU, au namba ya NIDA, ambayo hutanguliza tarehe ya kuzaliwa, kwa mfano 19870412. Zikiwa 11 zinazoanza na 07, yaelekea kidole kimeteleza: mpigie aliyetuma, usifute moja kwa kubahatisha ukatuma pesa.