Bunia: Jina moja mara tatu katika simu, namna ya kuyaunganisha bila kupoteza nambari

Mjini Bunia si ajabu mtu kuwa na laini mbili au tatu: ya Vodacom, ya Airtel au Orange, na tena ya Uganda kwa wale wanaovuka Mahagi au ziwa Albert kwa biashara. Simu kama hiyo ikiunganishwa na akaunti ya Google, kisha na kompyuta ya ofisi, siku moja mwenyewe hufungua orodha na kukuta «Mama Furaha» ameandikwa mara tatu.

Tuchukue mfano wa muuza samaki wa Kasenyi mwenye majina 300. Aliyahifadhi katika laini, na alipopata simu mpya akayaingiza kwenye akaunti ya Google. Baadaye karani wake, anayesoma baruapepe kwa Thunderbird, akaingiza faili la majina yale yale katika kitabu cha anwani kilichounganishwa na akaunti hiyo. Orodha ikapanda hadi karibu 900.

Chanzo ni hiki. Kila jina linapohifadhiwa hupewa alama yake ya siri, ambayo mtumiaji haioni. Simu, kompyuta na mtandao vinapooanisha orodha zao, vinalinganisha alama hizo, si jina wala nambari. Jina lililoingizwa upya kutoka faili hupata alama mpya, basi huhesabiwa kuwa mtu mpya na kusambazwa kila mahali.

Kwa hiyo kosa kubwa ni kuanza kufuta kwenye simu. Ukifuta jina la akaunti ya Google pale, linafutika pia mtandaoni na kwenye kompyuta. Zima kwanza uoanishaji wa majina katika simu, kwenye sehemu ya akaunti, na ufunge Thunderbird. Kisha nenda contacts.google.com, andika pembeni idadi ya majina, na uhifadhi nakala yote kwa kitufe cha «Exporter», kwa kuwa simu nyingi huku ziko kwa Kifaransa. Faili hilo liweke pia nje ya simu.

Sasa fungua «Fusionner et corriger». Ukurasa utakuonyesha majina unayodhani kuwa yanafanana na kukupa kitufe cha kuunganisha yote kwa mara moja. Usikibonyeze. Hapa kwetu watu wengi huandikwa kwa jina la mtoto wa kwanza, na Mama Furaha wa Mudzipela si lazima awe Mama Furaha wa Kasenyi. Wakiunganishwa, nambari zao zinakaa chini ya jina moja, na malipo ya samaki yanaweza kwenda kwa mwingine. Pitia jozi moja moja: nambari ikiwa ileile, unganisha; jina tu likifanana, acha kwanza, ongeza mtaa au kazi kwenye jina.

Kuna mtego mwingine. Nambari 081 000 00 00 na +243 81 000 00 00 ni moja, lakini baada ya kuunganisha mara nyingi zinabaki zote mbili ndani ya jina. Acha ile yenye +243. Mwenye WhatsApp iliyosajiliwa kwa nambari ya Uganda anaijua shida hiyo: nambari inayoanza na 0 inasomwa kana kwamba ni ya Uganda, na rafiki wa Bunia haonekani katika orodha.

Ukiona umeharibu, bonyeza alama ya mipangilio, chagua «Annuler les modifications», na urudishe orodha ilivyokuwa saa moja, siku moja au hadi siku 30 zilizopita. Ila inarudisha orodha nzima: jina ulilolisajili baada ya saa hiyo litapotea. Liandike pembeni kwanza.

Orodha ya mtandao ikiwa safi, washa simu peke yake na usubiri. Kama bado unaona majina mawili mawili, huenda nakala ya pili iko katika laini au kwenye simu yenyewe, ambayo usafi wa mtandaoni hauigusi. Fungua jina na utazame limehifadhiwa wapi; likiwa la laini na tayari lipo Google, hilo ndilo la kufuta.

Mwisho fungua Thunderbird. Yale majina yaliyo katika kitabu chake cha ndani usiyaburute tena kwenye kitabu cha Google, maana kuburuta huko ni kuyaandika upya. Baada ya siku mbili tatu linganisha idadi na ile uliyoipata ulipomaliza usafi. Ikiwa imepanda na wewe hukuongeza mtu, kuna kifaa bado kinasukuma nakala: zima kimoja kimoja hadi idadi isimame.