Tangazo la Ukutani Linalosomeka Barabarani

Tangazo la ukutani lililochorwa kwa mkono husomwa na watu wa namna tatu: mwenda kwa miguu, abiria anayesubiri daladala kituoni, na dereva aliye kwenye mwendo. Abiria wa kituoni ana muda wa kusoma hata bei ya oili. Dereva hana. Ndani ya makazi nchini Tanzania mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na gari linalokwenda hivyo hukata karibu mita 14 kila sekunde. Duka lililo kando ya barabara kubwa hutegemea sana wateja wa barabarani, kwa hiyo tangazo lake hupimwa kwa jicho la dereva kwanza.

Mfano unaofaa ni duka la spea za pikipiki kwenye Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, kati ya Ubungo na Kimara, upande wa kushoto kwa anayetoka mjini. Ukuta wa mbele wa duka, unaokwenda sambamba na barabara, ndio wengi hukimbilia kuuchora, lakini dereva huuona akiwa tayari anaupita, tena kwa kugeuza shingo. Ukuta wa ubavuni, unaotazama magari yanayokuja, humkabili akiwa bado mbali. Ukuta wa mbele unafaa tu pale ambapo watu husimama, kama vile mkabala na kituo cha daladala. Upande wa barabara nao una uzito wake: magari hupita kushoto, kwa hiyo aliye upande wa duka huegesha bila kuvuka, ilhali aliye ng'ambo huzuiwa na njia ya mwendokasi iliyo katikati. Tangazo la kumlenga huyo wa ng'ambo ni rangi ya bure.

Kabla ya kukubaliana na mwenye ukuta, hutazamwa mambo mawili. La kwanza ni kinachouziba. Ukuta ulio wazi asubuhi ya Jumapili huweza kufunikwa wote saa kumi na moja jioni na daladala zilizoegeshwa, meza za matunda na foleni ya bodaboda, na saa hiyo ndiyo wateja wanarudi nyumbani. La pili ni alama ya X. Ukuta ulio ndani ya hifadhi ya barabara unaweza kuvunjwa wakati wowote. Watu wa Kimara waliona nyumba zikibomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara hiyo hiyo. Halmashauri nayo huulizwa kuhusu kibali na ada kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa.

Ujumbe ndipo pesa nyingi hupotea. Mwenye duka hutaka kila kitu kiwemo: karibuni sana, wauzaji wa spea za aina zote za pikipiki na bajaji, jumla na rejareja, tunabadilisha oili, tunaziba pancha, pamoja na namba mbili za simu. Herufi zenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka bila taabu kutoka mita 3, na kipimo hicho hukua kwa uwiano uleule: herufi ya sentimita 40 husomeka vizuri kutoka mita 48 hivi. Hapo dereva ana sekunde tatu na kitu, na sehemu kubwa ya muda huo macho yake yako kwenye gari lililo mbele. Maneno sita au saba ndiyo mwisho.

Ukuta wa ubavuni wa duka hili una upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Mita moja ya chini huachwa bila maandishi, kwa sababu hurukiwa na matope na kuegemewa na watu. Kando kushoto na kulia huachwa sentimita 60 kila upande, zikabaki mita 4.8. Herufi ya sentimita 40 pamoja na nafasi yake huchukua karibu sentimita 30 za upana, kwa hiyo mstari mmoja hubeba nafasi 16. SPEA ZA PIKIPIKI hujaza mstari huo sawasawa. Mstari wa pili ni NA BAJAJI. Chini yake huja mshale na maneno MITA 50 kwa herufi za sentimita 25. Mapengo ya sentimita 20 kati ya mistari yakiongezwa, maandishi yote hula kimo cha mita 1.45, na kinachobaki juu na chini huyapa herufi nafasi ya kupumua. Namba ya simu huenda kwenye ukuta wa mbele, karibu na mlango, ambako msomaji amesimama. Kampuni za soda na za simu hupenda kupaka duka zima rangi zao bila malipo, na mwenye duka hufurahia, ingawa ukuta huo huishia kuuza soda.

Jioni dereva anayeelekea Kimara hutazama magharibi, jua likimchoma usoni, na ukuta unaomkabili uko kivulini. Herufi nyeusi juu ya njano au nyeupe huonekana katika hali hiyo. Nyekundu juu ya bluu hugeuka giza tupu. Vivuli na kingo za rangi tatu huvutia karibu na kuvuruga mbali.

Rangi hudumu kadiri ukuta ulivyoandaliwa. Plasta mpya huachwa takriban wiki nne, kwa kuwa saruji mbichi ina ukali unaogeuza rangi ya mafuta kuwa kitu kinachonata kama sabuni, kisha ikabanduka. Ukuta wa zamani hupimwa kwa kiganja: kikitoka na unga mweupe, rangi ya zamani imechoka na lazima isuguliwe. Unyevu hupimwa kwa kubandika kipande cha nailoni, kingo zote zikizibwa kwa gundi ya karatasi, kikaachwa usiku kucha. Matone yakionekana ndani, ukuta bado unatoa maji. Chumvi nyeupe iliyochomoza hukwanguliwa kwa brashi kavu, kwani maji huirudisha ndani.

Baada ya rangi ya msingi, eneo lote hupakwa mikono miwili ya rangi ya maji ya nje. Rangi ya ndani ni nafuu, lakini mvua za masika huimaliza. Mita za mraba 18 kwa mikono miwili ni 36, na lita moja kwenye plasta ya kawaida hufunika karibu mita 8. Hivyo huhitajika lita 4.5, na kopo la lita 4 halitoshi. Herufi huandikwa kwa rangi ya mafuta, ambayo lita moja hutosheleza. Wachoraji wengine huzidisha thina, au hata kutia petroli, ili kopo lifike mbali. Dalili yake ni herufi inayoonyesha rangi ya chini na kupoteza mng'ao mapema.

Mchoro huanza kwenye karatasi ya sentimita 60 kwa 30, yenye miraba ya sentimita 5. Kila mraba huwa sentimita 50 ukutani. Mistari hupigwa kwa uzi uliopakwa chaki, herufi huchorwa kwa chaki, kisha mchoraji hurudi nyuma mita 48 na kuangalia. Herufi ikikaa vibaya, hufutwa kwa kitambaa wakati huo, maana rangi ya mafuta ikishakauka, kosa hilo huondolewa kwa kupaka upya eneo zima.