Miadi ya Kifaransa: Saa Nane au Quatorze Heures?

Mtu wa Kigoma akiipigia simu kliniki ya meno mjini Bujumbura na kusema, "Je voudrais prendre rendez-vous", yaani naomba kupangiwa miadi, anaweza kujibiwa hivi: "Mardi, quatorze heures quarante-cinq, ça vous va?" Anaulizwa kama Jumanne, 14 h 45, inamfaa.

Kifaransa huanza kuhesabu saa usiku wa manane, si alfajiri kama sisi. Kwa hiyo saa zetu za mchana huongezewa sita: saa nane ni quatorze heures. Kuanzia saa moja hadi saa tano za usiku, ongeza kumi na nane: saa mbili usiku ni vingt heures. Basi 14 h 45 ni saa tisa kasorobo. Lakini Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na wakati huo saa ya Kigoma itakuwa inasoma saa kumi kasorobo. Asiyekumbuka hilo na kufuata saa ya nyumbani atafika mapema na kukaa kwenye benchi saa nzima.

Hesabu ya saa 24 ni ya ofisi, hospitali, tiketi na matangazo. Katika mazungumzo ya kawaida, saa hiyohiyo huitwa trois heures moins le quart, tatu kasoro robo. Saa tisa na robo ni trois heures et quart, na saa tisa na nusu ni trois heures et demie. Panapohitajika kutofautisha, huongezwa du matin kwa asubuhi, de l'après-midi kwa mchana au du soir kwa jioni. Saa sita mchana ni midi, na saa sita usiku ni minuit.

Mitindo hiyo miwili haichanganywi. Baada ya quatorze heures hutajwa dakika: quinze, trente, quarante-cinq. Ukisema quatorze heures et quart utaeleweka, ila sikio la mzoefu litashtuka.

Kwenye simu, hatari kubwa ni deux heures na douze heures. La kwanza husikika kama “dezeri”, la pili “duzeri”, na laini ikikwaruza huwezi kuyatenganisha. Ndiyo maana napendelea saa 24 kwa miadi yoyote. Rudia ulichosikia: "Quatorze heures, c'est bien ça?" Kama walikusudia saa sita mchana, watakusahihisha papo hapo.

Siku nazo zina mitego yake. Dans huit jours, kwa maneno “baada ya siku nane”, ni wiki moja, na dans quinze jours ni wiki mbili. Ukiambiwa mardi en huit leo Alhamisi, usiende Jumanne hii inayokuja. Ni ile inayoifuata. Omba wakutajie na tarehe: "C'est le combien?"