"Niko nakuja": kitenzi kinaficha nini?

Ujumbe wa kuchelewa huwa na maneno machache, na ukweli wake hukaa katika viambishi vya vitenzi. Mwenzangu mmoja alitazamiwa afikishe kreti 2 za soda kwenye sherehe ya mahari huko Himbi, saa 8 mchana. Saa 8 na dakika 20 alimwandikia shangazi yake: "Mama, nimecheleweshwa na mvua, moto hazipatikani, niko nakuja."

Tuanze na "nimecheleweshwa". Shina ni "chelewa". Tukiongeza kiambishi cha usababishi tunapata "chelewesha", na kwa kiambishi -w- cha kutendwa tunapata "cheleweshwa". Umbo hili hudai mtendaji mwingine, na mara moja analetwa: mvua. Anayeandika "nimechelewa" hahitaji kumtaja yeyote. Kitenzi kinasimama peke yake, na kosa linabaki kwa mwenyewe bila maelezo marefu.

"Niko nakuja" ndiyo ngumu zaidi. Kwa Kiswahili chetu cha Goma, "niko na-" huonyesha tendo linaloendelea. Hata hivyo, "kuja" hutaja upande wa msikilizaji tu. Haisemi safari imeanzia wapi wala imefika wapi. Ndiyo maana mtu anayevaa viatu nyumbani anaweza kuiandika, na msikilizaji akamdhani yuko tayari juu ya moto. Linganisha na "nimetoka Ndosho". Kiambishi -me- hutangaza kwamba kutoka kumekwisha, na jina la mtaa humpa msikilizaji pa kuanzia hesabu yake. Kama bado hujatoka, umbo la kweli ni "sijatoka", hata likiuma.

Shangazi alikuwa na jambo la kuamua: angoje kreti zile, au amtume mtoto anunue soda jirani kabla wageni hawajaketi? Mvua haikumsaidia kuamua. Ujumbe huu ungemsaidia:

"Mama, unisamehe, nimechelewa. Sijatoka Ndosho. Nitafika na soda saa 9 na robo. Kama wageni wameketi, munune zingine."

Angalia "nitafika". Kiambishi -ta- ni ahadi, kwa hiyo saa inayotajwa iwe ile unayoiamini, si ile inayopendeza. Ukiandika "dakika 5" mara tatu mfululizo, msomaji ataacha kuhesabu.

Je, sababu isitajwe kamwe? Itajwe pale inapobadilisha mpango wa msikilizaji. "Barabara imefungwa Mugunga" ni habari ya maana, kwa kuwa wageni wote watokao Sake watakawia, na mwenyeji anaweza kusogeza saa ya kuanza. Lakini kwa mwenyeji wa Himbi anayeiona mvua ileile dirishani mwake, neno "mvua" haliongezi kitu.